Kufundisha Mbio Fupi kwa Mwendo wa Gwaride na Mwendo wa Kudunda

Mkimbiaji hodari wa mita 100 akishafikia kasi yake ya juu, kila unyayo wake hukaa ardhini kwa takriban sekunde 0.09 tu. Ndani ya muda huo mfupi ndimo anamopata msukumo wote wa kumrusha hadi hatua inayofuata. Mwaka 2000 mtafiti wa Kimarekani Peter Weyand na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba mtu mwenye kasi hamzidi mzito kwa kupeleka mguu mbele upesi zaidi hewani, kwani muda wa mguu kuwa hewani hautofautiani sana kati yao. Tofauti kubwa ni nguvu anayoigandamizia ardhi katika ule muda mfupi wa kukanyaga. Kwa hiyo mikono na magoti, pamoja na kupendeza kwake machoni pa watazamaji, vipo kwa ajili ya unyayo.

Shida ya mwalimu ni kwamba unyayo ndio sehemu ngumu kuliko zote kurekebisha. Sheria za riadha humhesabu mkimbiaji kuwa ameanza mapema ikiwa ameondoka kabla ya sekunde 0.1 kupita tangu mlio wa bastola, kwa sababu inachukuliwa kwamba binadamu hawezi kusikia na kuitikia upesi kiasi hicho. Unyayo wenyewe hukaa chini kwa muda mfupi kuliko huo. Mguu ukishagusa ardhi vibaya, mkimbiaji hana nafasi ya kuutengeneza. Akija kuhisi kosa, tayari yuko kwenye hatua nyingine. Namna unyayo utakavyotua imekwisha kuamuliwa na goti lilivyopanda, na goti nalo limeamuliwa na mkao wa kiwiliwili na mikono. Hii ndiyo sababu makocha hurudi nyuma hadi mwendo wa polepole, ambako mtoto ana muda wa kuhisi kila kiungo kiko wapi, kisha wakaongeza kasi kidogokidogo.

Mpangilio wa mazoezi hayo unaotumika sehemu nyingi duniani ulitokana na Gerard Mach, mkimbiaji wa zamani wa Polandi aliyekuja kuwa kocha, na ambaye katika miaka ya 1970 alihamia Kanada kufundisha mbio fupi. Mach aliigawa hatua ya mbio katika vipande na kuvipa herufi. Zoezi A linahusu kupandisha goti na kukanyaga, zoezi B linahusu kuunyoosha mguu kabla ya kuushusha, na zoezi C linahusu msukumo wa nyuma. Kila zoezi lilifanywa kwa kutembea, kwa kudunda, kisha kwa kukimbia. Yeye mwenyewe aliyaona zaidi kama njia ya kuimarisha misuli katika mikao ya mbio, na waliomfuata ndio walioyageuza kuwa somo la mtindo. Kwa mwanafunzi wa shule, zoezi A peke yake latosha kwa msimu mzima. Zoezi B linataka mkao uliokwisha kukomaa, na chipukizi wasio na mkao huo hujifunza kwalo kurusha mguu mbele, yaani kosa lilelile linalotafutiwa dawa.

Katika shule za Afrika Mashariki, mwalimu wa michezo huanza na watoto ambao tayari wanajua gwaride. Hilo ni faida na hasara kwa pamoja. Mtoto anayepiga maki taimu vizuri anajua kusimama wima, kutazama mbele, na kupandisha paja hadi lilale sambamba na ardhi. Lakini gwaride limemfundisha pia mambo matatu ambayo mbio hazitaki: mikono iliyonyooka, vidole vya mguu vinavyoning'inia chini goti likiwa juu, na kisigino kinachotangulia anapotembea. Somo la kwanza laweza basi kuanza kwa kuwaamuru wapige maki taimu kama walivyozoea, kisha kubadilisha hayo matatu, moja baada ya jingine.

Mikono ndiyo ya kubadilishwa kwanza, kwa kuwa inaonekana kwa urahisi na mtoto anaweza kuitazama mwenyewe. Kazi yake ni kusawazisha mwili. Goti la kulia linapopanda, nyonga hujipinda kuelekea upande mmoja, na mkono wa kushoto unaokwenda mbele pamoja nalo huzuia mabega yasifuate. Mkono ukikosea, mabega huyumba, na unyayo hutua nje ya mstari wake. Kiwiko hukunjwa kiasi cha pembe mraba. Mkono ukija mbele, ngumi hufika usawa wa kidevu; ukienda nyuma, ngumi hupita nyonga, na hapo kiwiko hufunguka kidogo chenyewe, jambo ambalo halina haja ya kuzuiwa. Mwendo hutoka begani. Watoto wengi hutikisa sehemu ya chini ya mkono tu, kama apigiliaye msumari, huku begani hakuna kinachosogea.

Njia rahisi ya kulionyesha hili ni kuwakalisha watoto kwenye nyasi, miguu imenyooshwa mbele, wakapeleka mikono kama wanaokimbia. Waanze taratibu, kisha waongeze kasi kwa sekunde 10 hivi. Anayetoa mwendo begani, makalio yake huanza kuruka kidogo kutoka chini kwa nguvu ya mikono. Anayetikisa viganja hukaa palepale. Mtoto huyahisi matokeo bila kuambiwa. Wakisimama, neno la kuwakumbusha ni "Mfukoni!", maana yake ngumi ipelekwe nyuma hadi ipite mahali ulipo mfuko wa kaptula. Mkono ukirudishwa nyuma kwa nguvu, hurudi mbele wenyewe bila kuhimizwa, kwa kuwa misuli ya mbele ya bega imevutika. Akiambiwa apeleke mikono mbele, mtoto hupandisha mabega hadi masikioni. Kosa jingine la kuangalia ni ngumi kuvuka mstari wa vifungo vya shati. Huonekana vizuri zaidi mwalimu akisimama mbele ya mkimbiaji, na mara nyingi chake ni kiwiko kilichotanuka kwenda pembeni. Vidole vifumbwe kwa ulegevu. Ngumi iliyokazwa hukaza hadi shingo.

Mikono ikishakuwa na mwendo wake, zoezi la kutembea huanza rasmi. Umbali wa mita 15 watosha. Mtoto hutembea kama kwenye gwaride, ila kila goti linapofika juu husimama kwa hesabu moja kabla ya kushuka. Kusimama huko ndiko kunakofanya zoezi liwe na maana, maana mkao mbovu hauwezi kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. Mwalimu atazame kwa upande. Paja la mguu uliopanda liwe karibu sambamba na ardhi. Ugoko uning'inie wima au uvutwe nyuma kidogo kuelekea paja, usirushwe mbele. Vidole vya mguu vivutwe juu kuelekea ugokoni. Mguu uliobaki chini uwe umenyooka, kisigino chake kimeinuka kidogo, na juu yake nyonga, mabega na kichwa viwe kwenye mstari mmoja.

Kosa kubwa la hatua hii ni kuegemea nyuma. Mtoto akihimizwa sana "Goti juu!" hupata urefu wa goti kwa kulaza kiwiliwili nyuma na kukunja mguu wa chini, na kwa macho ya haraka goti huonekana limepanda sana. Ukilitazama vizuri, paja halijapanda kuliko la mwenzake. Kiwiliwili ndicho kilichoshuka. Sababu mara nyingi ni udhaifu wa misuli inayopandisha paja, au misuli ya nyuma ya paja la mguu wa pili iliyokaza. Dawa ni kushusha goti hadi pale kiwiliwili kinapoweza kubaki wima, hata kama ni chini ya nyonga kwa kiganja kizima, kisha kuliongeza wiki hadi wiki. Neno linalosaidia hapa ni "Mrefu!", ambalo humkumbusha kunyoosha mguu wa chini na kuinua utosi. Goti la mkimbiaji anayesukuma ardhi vizuri hupanda karibu lenyewe, kama matokeo ya msukumo. Ndiyo maana kulifukuzia goti peke yake huleta wakimbiaji wanaopiga magoti juu kwa bidii huku wakisonga mbele polepole.

Kuhusu vidole vilivyovutwa juu, watoto wengi hawaelewi faida yake mpaka walinganishe. Wasimame kwa mguu mmoja, goti juu, vidole vikiwa vimelegea chini, kisha waushushe mguu kwa haraka. Ncha ya vidole hutangulia kugusa, kifundo hulegea, na kisigino huanguka kwa uzito. Wakirudia na vidole vikiwa vimevutwa, mguu hushuka ukiwa mgumu, tayari kurudisha nguvu. Kifundo kilicholegea hunyonya msukumo ambao ungepaswa kwenda ardhini. Mguu uliokunjwa na kukusanywa chini ya mwili pia hupita mbele upesi kuliko uliolegea na kuburuzika nyuma, na hapo neno la "Pita juu ya goti!" hufaa: kifundo cha mguu unaopita kipande usawa wa goti la mguu wa pili kabla ya kwenda mbele.

Sasa unyayo. Mahali pa kutua ni chini ya nyonga au mbele yake kidogo sana, kwa sehemu pana iliyo nyuma ya vidole, na mguu uwe unashuka na kurudi nyuma unapogusa. Kutua kwa ncha za vidole si sahihi pia, ingawa watoto wanaoambiwa wasitumie kisigino hukimbilia huko mara moja. Kisigino chaweza kugusa nyasi kwa wepesi baada ya sehemu ya mbele kutua, na hilo halina ubaya wowote.

Unyayo ukitua mbali mbele ya mwili, hufanya kazi ya breki. Nguvu ya ardhi humrudisha mkimbiaji nyuma kwanza, na inambidi asubiri mwili upite juu ya mguu ndipo asukume. Muda wa kukaa ardhini huongezeka, na misuli ya nyuma ya paja huvutwa ikiwa imenyooka, hali ambayo inahusishwa na kuchanika kwake. Wakimbiaji hufanya hivi kwa nia njema, wakiamini kwamba hatua ndefu ni hatua ya kasi. Urefu wa hatua yenye faida hutokana na umbali unaosafiriwa hewani baada ya msukumo. Kuufikisha mguu mbali hakuuongezi. Kwa sababu hiyo neno la kukanyaga liwe "Chini!", lisiwe "Mbele!" wala "Nyoosha!". Kuna makocha wanaowaambia wanariadha wao waparue ardhi kama kuku. Kwa mkimbiaji aliyekomaa huenda likamfaa, lakini kwa anayeanza neno hilo ni hatari, kwani ili apate nafasi ya kuparua, hurusha mguu mbele kwanza.

Njia ya bei nafuu ya kuukagua unyayo ni mchanga. Hufagiliwa ukanda wa upana wa nusu mita na urefu wa mita 10 hivi, na watoto wakaupita peku, mmoja baada ya mwingine, kwa mwendo wa gwaride kisha kwa kukimbia. Alama nzuri ina kina upande wa mbele, nyuma ya vidole, na kisigino kimeacha mguso hafifu au hakikuacha kitu. Shimo la kisigino lenye mchanga uliosukumwa mbele linaonyesha breki. Alama ndefu iliyokwaruzwa inaonyesha kuparua. Alama mbili zilizovukana, ya kulia ikiingia upande wa kushoto, humrudisha mwalimu kwenye mikono inayovuka kifua. Pale penye sakafu ngumu, sikio hufanya kazi ya mchanga. Mguu uliotua vizuri hutoa mlio mmoja mfupi na mkavu; mguu unaotanguliza kisigino hutoa milio miwili, wa kisigino na wa unyayo unaopigiza baadaye.

Mwendo wa kudunda ni ule watoto wanaoufanya wenyewe wakiwa na furaha: hatua moja, mruko mdogo juu ya mguu uleule, kisha hatua ya mguu mwingine na mruko wake. Usichanganywe na kuruka kamba, ambako miguu hubaki chini ya mwili bila goti kupanda. Katika kudunda, kila mguu hugusa ardhi mara mbili kabla ya kupokezana, na mdundo wake husikika kama "ta-ta, ta-ta". Mwalimu anaweza kuupiga kwa makofi. Kilichokuwa kikifanywa polepole kwenye gwaride sasa kinafanywa kwa mdundo, na hakuna tena nafasi ya kusimama na kujirekebisha, lakini bado kuna muda wa kuhisi. Hapa mguu kwa mara ya kwanza unakutana na ardhi kwa nguvu inayozidi kwa mbali uzito wa mwili, na kifundo hujifunza kudunda badala ya kuzama.

Anayeshindwa kudunda aanze kwa kutembea kawaida akiongeza mruko mdogo kila hatua ya tatu, kisha kila hatua ya pili, kisha kila hatua. Kosa la kawaida kwa wanaoanza ni mkono na mguu wa upande mmoja kwenda pamoja. Kulikemea hakusaidii, kwani mtoto akianza kufikiria upande upi ni upi hupotea kabisa. Arudishwe kwenye gwaride kwa mita chache, ambako mikono hujipanga yenyewe, na aingize mruko akiwa bado anatembea. Kosa la pili ni kutafuta kimo. Anayejirusha juu sana hukaa hewani na kutua kwa kishindo, wakati lengo ni kugusa ardhi kwa ukali na kuondoka mara moja. Mruko wa kuinuka sentimita chache watosha, na kila hatua isogee mbele kwa urefu wa unyayo mmoja hadi miwili. Kosa la tatu ni mguu kushushwa kwa ulegevu. Watoto hutia nguvu zote katika kupandisha goti, kisha huuachia mguu uanguke wenyewe. Neno "Chini!" litamkwe wakati goti liko juu kabisa, kabla mguu haujaanza kushuka, likichelewa humkuta mtoto keshakanyaga.

Maneno haya mafupi yana kanuni zake. Moja tu litumike kwa kila mpito wa uwanja, na likishachaguliwa mwalimu avumilie makosa mengine yote mbele ya macho yake. Mtoto anayeambiwa "Mfukoni, goti, vidole, mrefu" kwa pumzi moja hatasikia hata moja. Uchunguzi wa Gabriele Wulf na wenzake, ulioanza kuchapishwa miaka ya 1990, umeonyesha katika stadi nyingi kwamba watu hujifunza vizuri zaidi wakielekezwa kwenye kitu kilicho nje ya mwili kuliko kwenye kiungo chenyewe. "Isukume ardhi" humfaa mkimbiaji kuliko "nyoosha goti", na "ngumi mfukoni" kuliko "zungusha bega". Neno likirudiwa kila siku huzoeleka na kupoteza nguvu, na hapo ni vyema kulibadilisha kwa jingine lenye kazi ileile.

Mfano wa mwanafunzi mmoja huonyesha jinsi vipande hivi vinavyoungana. Chukua msichana wa miaka 13 anayejiandaa kwa mita 100 katika mashindano ya UMITASHUMTA. Ana nguvu, lakini kuanzia mita ya 30 kichwa chake hulala nyuma, ngumi huvuka kifua, na kisigino hutangulia kutua. Mwalimu anamrekodi kwa simu kutoka pembeni, kwenye alama ya mita 40, kwa mwendo wa pole wa picha 240 kwa sekunde. Akizipitisha moja moja, anahesabu picha 38 kutoka unyayo unapogusa hadi unapoondoka. Picha 38 zikigawanywa kwa 240 ni karibu sekunde 0.16. Kwenye picha ya kugusa, kifundo cha mguu kiko mbele ya nyonga kwa zaidi ya urefu wa unyayo wake.

Kishawishi ni kuanza na kisigino, kwa sababu ndicho kinachoonekana kibaya. Mwalimu huyu anaanza na mkao. Wiki ya kwanza, mara mbili kwa wiki, ni mikono ya kukaa na kutembea kwa goti lenye kusimama, mipito minne ya mita 15, kwa neno "Mrefu!" peke yake. Baada ya kila mipito miwili anakimbia mita 30 kwa bidii ya wastani, ili mwili usiache kuunganisha zoezi na mbio. Wiki ya pili gwaride hubaki kama kipasha mwili, na kudunda huingia: mipito minne ya mita 20, akirudi kwa kutembea kila mara. Neno ni "Mfukoni!". Ngumi zinaacha kuvuka kifua akidunda, lakini akikimbia zinarudi. Hilo ni la kawaida na halimaanishi kwamba zoezi limeshindwa. Kasi ikizidi, tabia ya zamani hutawala.

Wiki ya tatu neno linakuwa "Chini!". Anadunda mita 20 na, bila kusimama, anaingia katika kukimbia mita 20 zaidi. Mpito huo wa papo kwa papo ndio unaobeba mdundo wa zoezi kwenda kwenye mbio. Kwenye mchanga, shimo la kisigino linapungua upande wa kulia, huku la kushoto likibaki, na kwenye picha inaonekana kwamba goti la kushoto halipandi sawa na la kulia. Mwalimu anaongeza kutembea kwa goti la kushoto tu, mguu wa kulia ukienda kawaida. Mwisho wa wiki ya nne anarekodiwa tena pale pale: picha 34, yaani sekunde 0.14 hivi, na unyayo unatua karibu zaidi na mwili. Kichwa bado kinalala nyuma mita za mwisho. Hilo ni suala la uchovu na mkazo, na halitibiki kwa kudunda. Linataka mbio nyingi za utulivu za mita 60 hadi 80 ambamo anazoea kuwa na kasi bila kukaza shingo na taya.

Kiasi cha mazoezi haya kisizidi dakika 15 mwanzoni mwa kipindi, mwili ukiwa umepashwa moto na kabla uchovu haujaingia. Yakifanywa mwishoni, mtoto huyafanya kwa nyonga zilizozama na kuzizoeza hivyohivyo. Uwanja wa nyasi au udongo uliolainika ni bora kuliko saruji, hasa kwa kudunda, kwani maumivu ya ugokoni huwapata upesi wanaodunda sana juu ya sakafu ngumu. Anayeanza kulalamika ugoko unamuuma arudi kwenye kutembea kwa siku kadhaa. Peku si tatizo mahali palipo safi, na kwa kujifunza kutua ni afadhali peku kuliko kiatu chenye soli nene ya kisigino.

Kuna mahali ambapo mazoezi haya hayafai kutumiwa kama kielelezo. Mita za kwanza baada ya kuondoka, mwili umelala mbele, unyayo hutua chini ya nyonga au nyuma yake, na msukumo huelekea nyuma. Mtoto aliyefundishwa gwaride la wima pekee huinuka mara bastola inapolia na kupoteza mwanzo wote. Kwa sehemu hiyo zoezi la kutembea hufanywa akiwa ameuegemea ukuta kwa mikono iliyonyooka, mwili umelala mbele, akipandisha magoti kwa zamu. Ferdinand Omanyala wa Kenya, aliyekimbia sekunde 9.77 uwanjani Kasarani, Nairobi, Septemba 2021 na kuweka rekodi ya Afrika, alihitaji vipande vyote viwili vya mbio, na kila kipande kina mkao wake.

Pia hakuna umbo moja linalowafaa wote. Michael Johnson wa Marekani alikimbia mita 200 kwa sekunde 19.32 katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, kiwiliwili wima kupita kawaida, kwa hatua fupi na magoti yasiyopanda sana. Mwalimu ambaye angemlazimisha kupandisha paja sambamba na ardhi angekuwa anarekebisha kisichoharibika. Akitazamwa mahali unyayo wake ulipotua, hata hivyo, ulikuwa chini ya mwili. Ndiyo maana katika kumkagua mkimbiaji, goti husamehewa mengi ilimradi unyayo unatua mahali pake.

Hatimaye kuna watoto wanaodunda kwa ufundi wa kuvutia, na wakikimbia hawaonyeshi badiliko lolote. Kuwaongezea mazoezi yaleyale hakuna faida, kwani tayari wanayaweza. Hao hupangiwa vijiti au vipande vya mirija vilivyolazwa kwenye nyasi. Kwanza hupimwa urefu wa hatua yao ya kawaida kwenye mchanga wakiwa katika kasi, kisha vijiti 8 hadi 10 hulazwa kwa nafasi pungufu kidogo ya hatua hiyo, kiasi cha urefu wa unyayo mmoja. Wanaingia wakitokea mita 15 nyuma, na kila nafasi kati ya vijiti hupokea mguu mmoja. Nafasi ikiwa fupi, mguu haupati pa kurushwa mbele, hulazimika kupanda na kushuka chini ya mwili, na mwalimu hana haja ya kutamka neno lolote. Wakishazoea kuvipita bila kuvigusa, vijiti husogezwa mbali kidogo kila kipindi hadi vifikie hatua yao kamili, kisha viwili vya mwisho huondolewa, halafu vinne, ili waendelee na mdundo uleule kwenye nyasi tupu.